Kikombe cha kubadilika rangi na miwani ya kujitia giza: joto linafanya nini kwenye kila kimoja

Ukimimina chai kwenye kile kikombe cheusi cha zawadi, weusi unafifia na picha inajitokeza. Ukitoka nje na miwani ya fotokromiki, lenzi iliyokuwa nyeupe ndani ya nyumba inageuka kijivu kabla hujafika kituoni. Kwa kuwa vyote viwili "vinabadilika rangi", wengi wanavinunua kwa matarajio yaleyale, kisha wanashangaa miwani inapogoma ndani ya gari au kikombe kinapobaki na weusi uliochoka baada ya miezi michache.

Jambo ambalo dukani ni nadra kulisikia ni hili: joto linafuta rangi kwenye kikombe, na linafuta rangi kwenye lenzi pia. Kwenye kikombe hiyo ndiyo kazi tuliyoinunua. Kwenye lenzi hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, na anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Muscat ataiona kila adhuhuri. Ukielewa kwa nini, utajua uchague nini na upime vipi kabla ya kutoa pesa.

Kifungo kimoja kinachofunguka na kufunga

Rangi nyingi za viumbehai na za viwandani zinatokana na elektroni zinazoweza kutembea kwenye molekuli ndefu iliyonyooka. Elektroni zikipata njia ndefu, molekuli inameza mwanga unaoonekana, nasi tunaona rangi. Njia ikikatwa vipandevipande, molekuli inameza mionzi ya urujuanimno tu, ambayo jicho haliioni, na kitu kinaonekana hakina rangi.

Rangi ya kikombe na ya lenzi ya plastiki zote zinacheza mchezo huo, tena mahali palepale: kifungo kati ya atomu ya kaboni na atomu ya oksijeni. Kifungo kikiwa kimefungwa, kinakamilisha pete ndogo ya atomu, na ile kaboni inakaa katikati kama kizuizi. Sehemu za molekuli zinaelekea pande tofauti na elektroni hazivuki. Kifungo kikifunguka, pete inaachia, molekuli inalala bapa, njia inaungana, rangi inatokea. Tofauti yote iliyobaki ni nani anakifungua. Kwenye kikombe anayefungua ni asidi dhaifu. Kwenye lenzi anayefungua ni mwanga wa jua.

Ndani ya weusi wa kikombe

Tabaka jeusi la kikombe limejaa vifuko vya duara vyenye upana wa mikromita chache tu, kila kimoja kikiwa na ganda gumu la plastiki. Ndani ya kila kifuko kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni rangi yenyewe. Mojawapo iliyotumika sana katika teknolojia hii ni kristali vayoleti laktoni, inayotoa buluu, na kwa weusi hutumika za jamii ya fluorani. Cha pili ni asidi dhaifu inayoamsha rangi; kwa miaka mingi bisfenoli A imetumika sana kwa kazi hii. Cha tatu, kilicho kingi kuliko vyote, ni kitu cha mafuta-mafuta kinachoganda na kuyeyuka, mara nyingi alkoholi ya mnyororo mrefu.

Kikombe kikiwa cha baridi, ile alkoholi imeganda na rangi na asidi zimebanwa pamoja. Asidi inafungua pete, kikombe ni cheusi. Chai ikiingia, alkoholi inayeyuka na kuivuta asidi upande wake. Rangi ikibaki peke yake inafunga pete na kuwa haina rangi, na picha iliyokuwa imefichwa inaonekana. Kikipoa, alkoholi inaganda tena na mambo yanarudi yalivyokuwa.

Kwa hiyo kiwango cha joto cha kikombe kinaamuliwa na alkoholi iliyochaguliwa. Dodekanoli inayeyuka karibu nyuzi 24 za Selsiasi, tetradekanoli karibu nyuzi 38, heksadekanoli karibu nyuzi 49. Mtengenezaji akitaka kikombe kigeuke mapema au kwa kuchelewa, anabadilisha au kuchanganya hizo. Hapa ndipo mnunuzi wa Pwani anapopaswa kuwa macho. Zipo rangi zilizotengenezwa zigeuke kwenye nyuzi 31, ili kidole kikigusa tu ibadilike. Katika nchi za baridi zinafanya kazi vizuri. Kwenye chumba cha Tanga mwezi wa Februari zinaweza kukaa zimefifia mchana kutwa bila hata tone la chai.

Tuchukue mfano wa kikombe cha kauri cha gramu 350 kinachogeuka kwenye nyuzi 45, chumba kikiwa nyuzi 30, ukamimina mililita 300 za chai yenye nyuzi 90. Kauri ina uwezo mdogo wa kubeba joto kuliko maji, hivyo vikishagawana, kikombe na chai vinakutana karibu nyuzi 78. Ukuta wa nje unapita 45 mapema sana na weusi unaondoka. Angalia ukingo wa juu, ule ulio juu ya usawa wa chai: huo unachelewa kugeuka, na ndio wa kwanza kurudia weusi, kwa sababu joto linaufikia kwa kupanda ndani ya kauri tu. Utaona pia kwamba rangi hairudi kwenye nyuzi zilezile ilipoondokea. Inarudi chini kidogo, kwa kuwa alkoholi huchelewa kuganda kuliko inavyowahi kuyeyuka. Mtu aliyekizoea kikombe chake anaweza kusoma joto la chai kwa macho: weusi ukianza kushuka kutoka ukingoni, chai inakaribia kunyweka kwa raha.

Kemia hii unaishika kila siku hata kama huna kikombe cha namna hiyo. Kitabu cha risiti kisichohitaji karatasi ya kaboni kinatumia rangi za jamii hiihii: karatasi ya juu ina vifuko vya rangi chini yake, ya pili imepakwa kitu chenye asidi, na kalamu ikikandamiza vifuko vinapasuka na rangi inaamka. Risiti ya mashine ya EFD nayo ina rangi na asidi juu ya karatasi, ila zimetenganishwa. Joto la mashine linayeyusha na kuzikutanisha, maandishi yanatokea. Ndiyo maana ukiipitisha risiti hiyo kwenye mashine ya kulamineti inageuka nyeusi yote. Kwenye risiti joto linaleta rangi, kwenye kikombe joto linaondoa, na watendaji ni walewale. Mpangilio tu ndio umebadilishwa.

Ndani ya lenzi

Miwani ya kwanza ya aina hii iliyofanikiwa sokoni haikuwa na rangi hizi kabisa. Ilikuwa ya kioo, na ilitokana na kazi ya William Armistead na Donald Stookey katika kampuni ya Corning huko Marekani miaka ya 1960. Ndani ya kioo walikuza chembe ndogo mno za kloridi ya fedha zenye shaba kidogo. Jua linapopiga, elektroni inahama na ioni ya fedha inakuwa atomu ya fedha. Atomu hizo zikikusanyika zinameza mwanga, lenzi inakuwa nyeusi. Shaba ndiyo iliyotoa ile elektroni, na jua likiondoka inaipokea tena, fedha inarudi kuwa ioni na kioo kinakuwa cheupe. Kwa kuwa kila kitu kimefungiwa ndani ya kioo, hakuna kinachopotea, na lenzi ya namna hii inaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuchoka.

Nyingi utakazopewa leo ni za plastiki, ambazo zilishika soko tangu kampuni ya Transitions ilipotoa yake mwaka 1991. Humu ndimo ilimo ile pete ya kaboni na oksijeni. Rangi zinazotumika zaidi ni naftopirani. Mwale wa urujuanimno ukiigonga molekuli, kifungo kinakatika, molekuli inafunguka na kulala bapa, na inaanza kumeza mwanga unaoonekana. Rangi moja haitoshi kutoa kijivu safi, hivyo zinachanganywa kadhaa. Kwenye lenzi za bei ya chini, rangi hizo huwa hazifungi kwa mwendo mmoja, na ukiingia ndani unaiona miwani ikipitia ubluu au uwaridi kabla ya kuwa nyeupe.

Kinachoifunga molekuli tena ni joto. Mtikisiko wa kawaida wa molekuli kwenye joto la mazingira unatosha kuirudisha pete, na hauhitaji ruhusa ya giza. Unaendelea hata adhuhuri jua likiwaka. Kwa hiyo lenzi iliyo juani ni ndoo inayojazwa huku inavuja: jua linafungua molekuli, joto linazifunga, na giza unaloliona ni usawa uliofikiwa kati ya hayo mawili.

Tuseme kwenye nyuzi 23, katika kila molekuli 100, 60 ziko wazi na 40 zimefungwa. Sasa hali ya hewa ipande hadi nyuzi 33 na kasi ya kufunga iwe mara mbili, jambo la kawaida kabisa kwa badiliko la aina hii. Uwiano wa zilizo wazi kwa zilizofungwa unashuka kutoka 1.5 hadi 0.75. Zinabaki wazi kama 43. Jua ni lilelile, lenzi ni ileile, na robo ya giza na zaidi imekwenda.

Ndiyo sababu takwimu za katalogi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kipimo cha kimataifa cha ISO 8980-3 kinapima giza la kawaida la lenzi kwenye nyuzi 23, halafu kuna upimaji wa nyuzi 5 na nyuzi 35 wa kuangalia joto linaathiri vipi. Tangazo kwa kawaida linachukua namba ya 23. Ukiwa Dar, Lamu au Muscat, iulize namba ya 35. Lenzi mbili zinazolingana kwenye 23 zinaweza kuachana mbali kwenye 35, na hiyo ndiyo tofauti utakayoivaa.

Kwa mkaaji wa Iringa, Njombe, Limuru au Nairobi hesabu inageuka. Hewa ni baridi, molekuli zinafunga polepole. Isitoshe, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Lenzi itakuwa nyeusi sana hapo, na shida itakuwa upande mwingine: ukiingia ndani asubuhi ya baridi itachukua dakika kadhaa kuwa nyeupe, na kwenye ngazi yenye giza lazima uivue.

Kipi kinadumu, na utajuaje kimechoka

Kikombe na lenzi ya plastiki vinachoshwa na kitu kilekile, mionzi ya urujuanimno, ila kwa viwango tofauti sana. Rangi ya kikombe haikutengenezwa kukaa juani. Ukikiweka dirishani kwa miezi, mionzi inavunja molekuli zenyewe na weusi haurudi hata ukikitia kwenye friji. Adui wa pili ni mashine ya kuoshea vyombo na stilwaya. Sabuni kali, maji ya moto ya muda mrefu na kusugua vinaharibu tabaka la juu na kupasua vifuko, yaliyomo yanatoka, na sehemu hiyo inabaki na doa. Maikrowevu nayo ya kuepuka. Kioshe kwa mkono, sponji laini, kwisha.

Dalili ya kikombe kilichochoka ni rahisi kuiona: kijaze maji ya baridi, kikaushe, kitazame kwenye mwanga mzuri. Weusi uwe mzito na sawasawa. Ukiuona ukijivu, au kivuli cha picha kikichungulia, rangi imeungua. Hilo hutokea hata kwa kikombe kipya, kwa sababu wanaochapa picha hukibana kwenye mashine ya joto karibu na nyuzi 180, na wakizidisha muda au joto vifuko vinaharibika kabla hujakinunua. Kwa hiyo omba maji baridi dukani kabla hujaomba ya moto. Muuzaji atataka kukuonyesha picha inavyotokea. Wewe unachotaka kujua ni kama inajificha.

Jambo la afya: asidi iliyotajwa juu imo ndani ya vifuko, na vifuko viko nje ya kikombe, chini ya tabaka la kinga. Chai haigusani nayo. Hata hivyo mdomo unagusa ukingo. Chagua kikombe ambacho tabaka jeusi linaishia chini ya ukingo na ndani yake kuna mng'ao wa kauri wa kawaida. Kikianza kubanduka pale unaponywea, kifanye cha kuwekea kalamu.

Lenzi ya plastiki inapoteza nguvu taratibu, na kwa mvaaji wa kila siku miaka miwili hadi mitatu ni makadirio ya kawaida. Kadiri molekuli zinavyofunguka na kufunga, chache kila mara zinaingia kwenye mabadiliko mengine, hasa na oksijeni, na hazirudi. Inaonekana kwa namna mbili kwa pamoja: nje giza haliwi la kutosha, na ndani weupe haukamiliki, unabaki umanjano kidogo. Iweke juu ya karatasi nyeupe utauona.

Kupima mpya ni kazi ya dakika moja. Toka nje, funika nusu ya lenzi kwa kadi, subiri, kisha ondoa kadi. Mpaka kati ya nusu mbili uwe wazi. Kama hakuna jua, taa ya kukagulia noti inatosha: weka sarafu juu ya lenzi, imulike sekunde chache, ondoa sarafu, na umbo lake litabaki jeupe ndani ya duara la kijivu. Lenzi yenye tinti ya kudumu haitafanya hivyo hata uimulike mchana kutwa. Ukitaka kuliona lile jambo la joto kwa macho yako, paka lenzi moja maji ya baridi ya friji, nyingine iache ilivyo, zitoe zote juani. Ya baridi itakuwa nyeusi zaidi, na kadiri inavyopata joto zitarudi kulingana.

Uchaguzi wenyewe

Kikombe hakina uamuzi mgumu. Kwa zawadi Pwani, kataa kile kinachogeuka ukikishika tu mkononi. Taka cha nyuzi 40 na kitu. Zaidi ya hapo ni picha na ukingo.

Miwani ndiyo inayostahili kufikiriwa, na ningeanza na swali la unakaa nyuma ya nini. Kioo cha mbele cha gari ni vioo viwili vyenye plastiki katikati, na hiyo plastiki inazuia karibu mionzi yote ya urujuanimno. Mwanga unaokuumiza macho unapita, mionzi inayofungua molekuli haipiti, lenzi inabaki nyeupe. Dereva wa basi la Dar hadi Dodoma akinunua fotokromiki ya kawaida kwa ajili ya usukani, amenunua kisichomfaa. Zipo zinazoitikia hata mwanga unaoonekana na kupata giza kiasi ndani ya gari, lakini hubaki na utinti kidogo hata ndani ya nyumba. Kwake ningependekeza miwani ya pili yenye tinti ya kudumu, ya namba yake, ikae kwenye gari. Dereva wa bodaboda yuko wazi juani na ya kawaida itamfaa, mradi ajue kwamba akishusha kioo cha helmeti, ambacho mara nyingi nacho huzuia mionzi hiyo, giza litapungua.

Anayeingia na kutoka siku nzima, kama mwalimu anayevuka uwanja kutoka darasa hadi ofisi, ndiye fotokromiki ilitengenezewa. Akiwa nyanda za juu hatajuta. Akiwa Pwani atapata nafuu kubwa ya mng'aro, lakini asitegemee giza la miwani ya jua kamili; faida yake ni kwamba joto lilelile litaisafisha lenzi haraka anapoingia ndani. Na asihofu kwamba kupungua kwa giza ni kupungua kwa kinga: lenzi nzuri ya aina hii inameza mionzi ya urujuanimno hata ikiwa nyeupe. Giza ni la starehe ya macho dhidi ya mwanga mkali.

Kuhusu kioo au plastiki, mwenye namba kubwa ya kutoona mbali aitazame kwa karibu. Kwenye lenzi ya kioo chembe za fedha zimesambaa kwenye unene wote, na lenzi yake ni nyembamba katikati na nene pembeni. Juani pembeni patakuwa peusi kuliko katikati, pale hasa anapotazamia. Kwenye plastiki rangi imewekwa kwenye tabaka jembamba karibu na uso, hivyo giza ni sawa kila mahali. Ukiongeza kwamba kioo ni kizito na kinavunjika, kwa watoto na kwa namba kubwa ningechukua plastiki na kukubali kubadilisha baada ya miaka michache. Kwa mwenye namba ndogo, mtu mzima, anayetunza vitu vyake na asiyependa kurudi dukani, kioo bado kina sababu nzuri ya kuulizwa, na fundi wa miwani akisema hana, mwombe akuagizie.